#UgandaParliamentExhibition, Bila Neno Lingine

Kijitabu kwa wanaojibu maswali ya umma mjini Kampala

Ujumbe unaingia kwenye simu ya dawati: #UgandaParliamentExhibition. Hauna salamu wala alama ya kuuliza. Aliyeutuma anasubiri jibu, na wewe huna hakika ameuliza nini.

Kijitabu hiki ni chenu mnaoshika simu hizo katika maktaba za mitaa, redio za jamii na vituo vya habari, hasa mnaowahudumia kwa Kiswahili Wakongo wa Nsambya na Katwe, wafanyabiashara wanaotoka Kenya, na Waganda ambao Kiswahili wamekikuta kazini. Watu hawa hukutana na alama ya reli, au hashitegi kama wengi wanavyoiita, katika kundi la WhatsApp au chini ya video ya TikTok, wakainakili na kuwatumia ninyi kama ilivyo. Tumechagua moja na kuifuata mpaka mwisho, kwa sababu karibu kila tatizo la kazi hii linaonekana ndani yake.

Anachoweza kuwa anataka

Huenda anataka maana tu. Jibu lake ni fupi: ni kampeni ya mtandaoni ya mwaka 2024 ambamo wananchi walianika matumizi ya fedha za Bunge la Uganda, nyaraka kwa nyaraka. Mama aliyeona maneno hayo kwenye simu ya mwanawe na kudhani ni maonyesho ya biashara yanayofanyika bungeni atatosheka na sentensi hiyo, na hana haja ya historia.

Huenda anataka asili. Hapo jibu linarudi nyuma karibu mwaka mzima. Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora katuni na mhadhiri wa Makerere, aliwaalika watu waweke mtandaoni picha za mashimo ya barabara za Kampala chini ya alama #UgandaPotholeExhibition. Picha zilimiminika. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Rais Museveni aliiagiza Wizara ya Fedha itoe shilingi bilioni 6 za kuziba mashimo ya jiji. Mtindo ukashika: likafuata onyesho la hali ya hospitali, na mwishoni mwa Februari 2024 likaja la Bunge, safari hii Ssentongo akiwa pamoja na mwanasheria na mwanahabari Agather Atuhaire na wenzao. Anayeuliza asili anahitaji mnyororo huo. Bila mashimo ya barabara, neno la mwisho katika alama hiyo halieleweki limetoka wapi.

Au anataka maoni. Maoni nayo si kitu kimoja. Yupo anayetaka kujua kama yaliyosemwa ni kweli, yupo anayetaka kujua ninyi mko upande gani, na yupo anayetaka mtu wa kumsikiliza akilalamika. Wa kwanza mnaweza kumsaidia sana. Wa pili hapana, na tutaeleza kwa nini.

Toa kwanza, uliza baadaye

Kosa tunalolikuta zaidi kwa wahudumu wapya ni kujibu swali kwa swali: "Unataka kujua nini hasa?" Ukiwa darasani hilo ni sawa. Kwenye simu, kwa mtu anayenunua bando la siku, ni kama umemrudisha mlangoni. Baya zaidi ni "Kwa nini unauliza?" Mabadiliko ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta yaliyotiwa saini Oktoba 2022 yaliweka adhabu za hadi miaka 7 jela kwa baadhi ya maneno ya mtandaoni, na Julai 2024 mahakama ya Entebbe ilimhukumu kijana mmoja miaka 6 kwa video ya TikTok iliyomtukana Rais na familia yake. Mtu anayejua habari hizo akiulizwa sababu ya kuuliza, hufuta ujumbe na hatarudi.

Kwa hiyo anza kwa kumpa maana katika sentensi moja, halafu uliza mara moja tu, ukimwekea njia mbele yake. Jibu tunalolipendekeza ni hili:

"Habari ndugu, asante kwa ujumbe. Hiyo ni kampeni ya 2024 ya kuanika mtandaoni matumizi ya fedha za Bunge la Uganda. Nikueleze ilianzaje na nani aliianzisha, au unataka kujua yapi kati ya yaliyosemwa yana ushahidi?"

Angalieni kwamba hatukumtajia maana kama chaguo, maana ameshaipata. Aliyeitaka hiyo tu atasema asante na kuondoka. Hatukumwuliza pia kama anataka "maoni", kwa kuwa neno hilo linamwahidi kitu ambacho dawati halitatoa. Tumelibadilisha kuwa swali la ushahidi. Kama alikuwa anatafuta mtu wa kubishana naye, ataona mwenyewe kwamba hapa sipo.

Wakati mwingine hata swali hilo moja halihitajiki. Akiongeza picha ya ukurasa wa nyaraka, anauliza ukweli wake. Akiandika alama kwa herufi zilizokosewa, huenda ameisikia redioni na anataka maana. Na alama nyingine haina maana mpaka uangalie tarehe. #ThisTaxMustGo ya Julai 2018 ilihusu kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii, ile iliyoitwa OTT, pamoja na asilimia 1 iliyotozwa kwenye pesa za simu. OTT ilifutwa Julai 2021, ikaja asilimia 12 kwenye bando. Mtu akikutumia alama hiyo leo, "kodi hii" inaweza kuwa nyingine kabisa, na hapo huna budi kumwuliza ameiona wapi.

Kutafuta ilikoanzia

Usitegemee kumbukumbu ya mwenzako wa dawati. Kwenye X, andika katika sehemu ya kutafutia:

```
#UgandaParliamentExhibition since:2024-02-15 until:2024-03-05
```

Kisha chagua machapisho mapya badala ya yale yanayopendwa, na ushuke mpaka chini kabisa. Tarehe huanza na mwaka, na baada ya nukta mbili usiache nafasi. Ukipata chapisho la zamani kuliko yote, bado hujathibitisha kwamba ndilo la kwanza, kwa kuwa lililofutwa halionekani, na alama inaweza kuwa ilianza kama maneno ya kawaida kabla ya mtu kuyaunganisha. Sema "machapisho ya mwanzo tuliyoyaona", kisha mtaje anayejulikana hadharani kuwa mwanzilishi. Majina ya watu binafsi waliochapisha usiyatoe.

Ukiona alama imepanda kwenye orodha ya zinazovuma, usimwambie mtu kwamba ndiyo inayotumiwa kuliko zote Uganda. Orodha ile hupima kasi ya kupanda zaidi ya wingi wa jumla, na hubadilika kwa mahali na kwa mtumiaji. Wauza viwanja nao huikuta imepanda, wakaibandika kwenye matangazo yao. Ndiyo maana mtu anaweza kukutumia alama ya kisiasa pamoja na picha ya ploti.

Asili pia huharibiwa na matukio yaliyokuja baadaye. Wengi huamini kwamba onyesho la Bunge ndilo lililoifanya Uingereza imwekee vikwazo Spika Anita Among tarehe 30 Aprili 2024. Matukio hayo yalifuatana kwa wiki chache tu, na ni rahisi kuyafunga pamoja. Lakini Uingereza ilitoa sababu yake wazi: mabati yaliyokusudiwa watu maskini wa Karamoja, kashfa iliyojulikana tangu 2023. Mwulizaji akiyachanganya, mtenganishie kwa tarehe, bila kumwonyesha kwamba amekosea.

Anapotaka kujua kama ni kweli

Chukua dai moja, usichukue kampeni nzima. Dai lililowagusa watu zaidi lilikuwa la shilingi bilioni 1.7 walizogawiwa viongozi wanne wa Tume ya Bunge kama "tuzo ya utumishi": milioni 500 kwa Mathias Mpuuga, aliyekuwa Kiongozi wa Upinzani, na milioni 400 kwa kila mmoja wa wengine watatu. Hapa ushahidi ni wa aina adimu, kwa sababu Mpuuga hakukana kupewa. Alijitetea kwamba uamuzi ulifuata utaratibu wa Bunge, huku chama chake cha NUP kikimtaka aachie nafasi yake katika Tume. Kwa hiyo unaweza kumjibu mwulizaji bila kuyumba: malipo hayabishaniwi, ila uhalali na uadilifu wake ndio uliobishaniwa.

Madai mengine yaliegemea nyaraka zilizovuja, na Spika alikataa kuyajibu kwa kuyaita uvumi. Mwambie mwulizaji hivyo hivyo: pana nyaraka zilizosambazwa, pana mhusika aliyekataa kujibu. Usiongeze "lakini wote tunajua". Maneno hayo matatu yatapigwa picha na kuzungushwa kama msimamo wa ofisi, na aliyeyaandika ndiye atakayeitwa kueleza.

Siku ambayo hakuna hata moja kati ya hayo

Kuna wakati mgawanyo wa maana, asili na maoni hukosa swali lenyewe. Julai 2024, wiki chache baada ya vijana wa Kenya kuingia bungeni Nairobi tarehe 25 Juni, ilienea Kampala alama #March2Parliament, wito wa kuandamana hadi Bunge tarehe 23 Julai dhidi ya ufisadi. Polisi walikataza maandamano hayo, na Rais akaonya kwamba waandaaji wanacheza na moto. Siku yenyewe makumi ya vijana walikamatwa barabarani, wengi wakashtakiwa kwa kuwa kero kwa umma na kupelekwa rumande.

Mtu aliyetuma alama hiyo jioni ya tarehe 22 hakuwa akitafuta historia. Pengine alikuwa mama mwenye kibanda karibu na Barabara ya Bunge, au mkimbizi mwenye miadi ya karatasi zake kesho yake, na alitaka kujua kama atafika. Ukimwuliza "maana au asili?" umempotezea usiku. Kwa alama yenye tarehe iliyo karibu, jibu lianze na tarehe na mahali, na tangazo la polisi kama lilivyotolewa, halafu swali liwe moja: "Una safari ya mjini kesho?" Usimshauri aende au asiende kuandamana. Mpe barabara zilizotangazwa kufungwa, na kama ni mkimbizi, mkumbushe kutembea na kitambulisho chake.

Asipojibu swali lako, muache. Katika daftari la zamu andika alama, tarehe, na kile kilichodhihirika kuwa alikuwa anakitaka. Namba yake ya simu usiiandike.