Vidokezo: Taa tatu kwa chumba kimoja cha kulala

Tuchukue chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3.5, chenye holda moja katikati ya dari na soketi moja karibu na mlango. Huhitaji kuchimba ukuta. Nunua kwa mpangilio huu, kimoja kimoja kadiri mfuko unavyoruhusu.

1. Badilisha balbu ya dari. Taa hii ni ya kuangaza chumba kizima: kutandika kitanda, kutafuta nguo. Balbu nyeupe ya 6500K inafaa dukani, lakini chumbani usiku inakera. Tafuta iliyoandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi, yenye mwanga wa umanjano. LED ya wati 9, lumeni 800 hivi, inatosha ikiwa kuta zako zina rangi ya kung'aa. Ikiwaka saa 4 kila usiku, hula uniti 1 hivi kwa mwezi. Kabla ya kulipa, hakikisha kama holda yako ni ya pini au ya kuzungusha.

Kisha lala chali. Ukiiona balbu yenyewe, itakuchoma macho kila siku. Ifunike kwa kapu la ukili lililo wazi juu ili joto litoke. Balbu za zamani za waya huwa moto sana, usizifunike hivyo kamwe.

2. Weka pesa nyingi kwenye taa ya kusomea. Taa ya kubana yenye shingo ya kupinda ndiyo rafiki wa chumba kidogo, maana haihitaji meza. Ibane kwenye ubao wa kichwani, upande wa bega, sentimita 50 hivi juu ya godoro, ikielekea kitabu. Lumeni 300 hadi 400 zinatosha. Mwenzako akilalamika, ishushe na uigeuzie ukurasa zaidi.

Chandarua ndicho kinachosumbua hapa. Taa ikiwa nje, wavu hung'aa wote na maandishi hufifia. Mimi napendelea taa ndogo ya kuchaji, iliyobanwa ndani bila kugusa wavu. Hakuna waya unaopita, kwa hiyo hakuna upenyo wa mbu.

3. Malizia na urembo. Mkanda wa LED wa mita 2, unaotumia chaja ya simu, unatosha. Ufiche juu ya kabati au nyuma ya ubao wa kitanda, vitaa vikielekea ukutani. Ukiona nukta nukta, usogeze mbali kidogo na ukuta. Kabla ya kununua, jaribu sehemu hiyo kwa tochi ya simu: ukuta wenye nyufa utaonyesha kila ufa, basi hamia kwingine.

4. Lete swichi kitandani. Tumia ekstensheni yenye swichi, ipite pembeni mwa ukuta. Isipite chini ya zulia, kwani waya ukichubuka huko hutauona.