Kugawa Mitiririko ya Data Katika Njia Zenye Gharama Sawa

Ruta ni mashine inayopokea pakiti za data na kuzielekeza ziendako. Katika itifaki ya OSPF kila kiungo baina ya ruta hupewa gharama, yaani namba ambayo kwa kawaida huwa ndogo kadiri kiungo kinavyokuwa na uwezo mkubwa. Ruta hujumlisha gharama hizo na kuchagua njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Ikitokea kwamba njia mbili zina jumla ileile, si lazima moja iachwe bure. Zote mbili huweza kutumika. Hapo ndipo linapozuka swali: pakiti hii ipite wapi?

Jibu jepesi ni kuzigawa pakiti kwa zamu, moja huku, moja kule. Lakini njia mbili zenye gharama sawa hazina lazima ya kuchukua muda sawa, na pakiti iliyotangulia huweza kufika nyuma ya iliyofuata. Mpokeaji anayetumia TCP akipata pakiti ya tano kabla ya ya nne, hurudia kuthibitisha kwamba amefikia ya tatu tu. Uthibitisho huo ukirudiwa mara tatu, mtumaji hudhani kwamba pakiti imepotea. Huituma tena na kupunguza mwendo. Hivyo mawasiliano hupungua kasi ingawa hakuna kilichopotea.

Kwa sababu hiyo ruta hugawa mitiririko, wala si pakiti mojamoja. Mtiririko hutambulishwa kwa mambo matano: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, namba ya itifaki, na namba za milango miwili, wa mtumaji na wa mpokeaji. Ruta huyaingiza matano hayo katika kanuni ya hesabu itoayo namba moja, ambayo wataalamu huiita heshi. Kwa kuwa mambo hayo hayabadiliki katika mtiririko, heshi nayo haibadiliki, na pakiti zake zote hufuata njia moja.

Hebu tuchukue kanuni nyepesi ya kufundishia: tujumlishe namba ya mwisho ya kila anwani, namba ya itifaki na namba za milango, kisha tugawanye kwa 2 na kutazama baki. Kompyuta 10.1.0.7 inawasiliana na 10.2.0.20 kwa TCP, ambayo namba yake ni 6, kwenye mlango 443. Jumla ya 7, 20, 6 na 443 ni 476. Kompyuta hiyo imefungua mitiririko minne, kutoka milango 50001, 50002, 50003 na 50004. Jumla zake ni 50477, 50478, 50479 na 50480. Ruta A hupeleka zenye baki 0 kwa ruta B na zenye baki 1 kwa ruta C. Kila upande umepata miwili. Mgawanyo ni mzuri.

Sasa tuseme ruta B nayo ina viungo viwili vyenye gharama sawa, 0 na 1, na inatumia kanuni ileile. Mitiririko iliyoifikia ni 50478 na 50480. Yote ni shufwa, maana ruta A imekwisha kuichuja. Yote itapita kiungo 0, na kiungo 1 kitakaa bure daima. Kwa C ni kinyume chake: kila kitu kitapita kiungo 1. Katika viungo vinne vilivyolipiwa, viwili tu ndivyo vinavyofanya kazi.

Wanafunzi wengi hujibu haraka kwamba kila ruta ipewe mbegu yake, yaani namba ya kuongeza kwenye hesabu. Na tujaribu: B iongeze 5. Jumla zinakuwa 50483 na 50485, zote witiri. Mzigo wote umehama kutoka kiungo 0 kwenda kiungo 1! Jambo hili si kasoro ya mfano wetu tu. Ruta nyingi hutumia hesabu ya CRC, na kubadili thamani yake ya kuanzia pekee hugeuza matokeo yote kwa namna ileile, bila kuyatenganisha. Dawa ni B kutumia kanuni nyingine, au sehemu nyingine ya heshi. Kwa mfano, igawanye kwanza jumla kwa 2, kisha itazame kama hisa ni shufwa au witiri: 50478 hutoa 25239, na 50480 hutoa 25240. Mmoja utapita kiungo 1, mwingine kiungo 0.

Dalili ya hitilafu hii huonekana katika vihesabio vya ruta: kiungo kimoja kimejaa, na mwenzake wa gharama ileile ana pakiti karibu sifuri, hata mitiririko ikiwa maelfu. Isichanganywe na hali ya mtiririko mmoja mkubwa mno, kama vile kunakili hifadhi nzima ya data. Hapo viungo vyote huwa na pakiti, ila kimoja kimeelemewa, na kubadili kanuni kutauhamishia tu mzigo huo kwenye kiungo kingine, kwani mtiririko mmoja haugawanywi.