Dondoo muhimu: Kaunta ya biti 32 isiyochelewa

Ukiunga chipu nane za 74HC163 kwa RCO ya kila moja kuingia ENT ya inayofuata, ruhusa ya kuhesabu hupita chipu moja baada ya nyingine kabla ya pigo lijalo la saa. Tuchukulie RCO ya kwanza hutoka baada ya nanosekunde 20, kila chipu ya kati huongeza 10, na ya mwisho huhitaji 10 za kujiandaa: 20 + 60 + 10 = 90, yaani megahezi 11 tu.

- Peleka RCO ya chipu ya kwanza kwenye ENP za chipu zote saba zinazofuata.
- ENT ya chipu ya pili iwe juu daima. Mnyororo wa RCO kwenda ENT uanzie hapo.
- Sasa kikomo ni 20 + 10 = 30, takriban megahezi 33, kwani mnyororo una mapigo 16 ya kutulia.
- Ukipakia namba kama FFFFFFFE, mapigo hayo 16 hayapo. Subiri mnyororo utulie kwanza, la sivyo chipu za juu zitakosa kuhesabu.