SOMO: Kufupisha Mahojiano ya Kazi Kuwa Ukurasa Mmoja

Mradi ukitaka kuajiri karani, watu watatu au wanne wa kamati hukaa kama jopo, wakawaita waombaji, wakawauliza maswali karibu saa nzima kila mmoja. Kila mtu wa jopo huandika kurasa nne, tano. Wiki inayofuata kamati nzima inakutana, na wale ambao hawakuwepo wanauliza, "Sasa huyu wa pili alikuwaje?" Jibu linakuwa, "Aah, alikuwa mzuri, lakini kuna kitu hakikunipendeza." Kitu gani? Hakuna anayekumbuka. Basi kazi inapewa yule aliyeongea vizuri, ama yule aliyekuja mwisho, kwa sababu ndiye anayekumbukwa.

Somo letu ni jinsi ya kufupisha kurasa zile zote ziwe ukurasa mmoja ambao mtu asiyekuwepo anaweza kuusoma akaamua. Tutatumia mfano mmoja tuliotunga kwa ajili ya somo: mradi wa maji wenye vibanda vitatu unatafuta karani wa hesabu.

Anza na kazi, si na mtu

Kabla ya kusoma maandishi yako, andika kwenye karatasi safi mambo ambayo kazi yenyewe inataka. Yasizidi manne. Kwa karani wetu ni haya: kuandika daftari la fedha kila siku, kulinganisha mita ya kila kibanda na pesa zilizoletwa, kulinganisha daftari na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi, na kuelewana na wauzaji wa vibandani bila kuwaogopa.

Mambo hayo manne ndiyo ungo wetu. Jibu lisilogusa hata moja halitaingia kwenye muhtasari, hata kama lilichekesha jopo lote. Mtu wa jopo ameandika, "Ni mchangamfu sana." Je, uchangamfu huo ulionekana katika jambo gani kati ya yale manne? Kama hawezi kusema, neno hilo linabaki kwenye daftari lake.

Herufi tatu pembeni

Soma maandishi yako siku ile ile, kabla hujazungumza na wenzako. Mkianza kuongea, yule mwenye sauti kubwa atawavuta wote upande wake, nanyi mtaandika mawazo yake mkidhani ni yenu.

Unaposoma, weka herufi moja pembeni mwa kila jibu linalogusa kazi. N ni nguvu: mwombaji ameonyesha kwamba jambo hili analiweza. S ni shaka: amesema au kufanya jambo linaloonyesha kwamba hapa ana upungufu. P ni pengo: hatukupata jibu, kwa sababu hatukuuliza ama tuliuliza tukaachia njiani.

Hiyo herufi ya tatu ndiyo wengi husahau. Mtu akinyamaza kidogo juu ya jambo fulani, jopo huandika shaka, na shaka hiyo ikifika kwa kamati imekuwa hatia. Pengo ni kazi ambayo jopo halijamaliza, wala si kosa la mwombaji.

Tumwangalie mwombaji wa pili

Jopo lilimpa swali hili: "Mita ya kibanda inaonyesha yuniti 9 zimetoka leo. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 5. Muuzaji ameleta shilingi 1,900. Utafanya nini?"

Mama huyu alichukua kalamu. Yuniti moja ni lita 1,000, kwa hivyo yuniti 9 ni lita 9,000. Gawanya kwa 20, unapata mitungi 450. Mara shilingi 5, ni shilingi 2,250. Akasema pesa zimepungua kwa shilingi 350, yaani mitungi 70. Halafu akaongeza: "Sitamwita mwizi. Nitaenda kwanza na mtu mwingine tusome mita tena, tuangalie kama mfereji unavuja, ndipo nimuulize." Hapo andika N, tena N mbili, maana jibu hilo limegusa hesabu na limegusa watu.

Baadaye aliulizwa juu ya benki. Alikuwa amefanya kazi miaka miwili katika duka la jumla. Akajibu, "Tulikuwa tunalinganisha daftari na benki kila mwezi."

Hapo sikiliza ile "tu". "Tulilinganisha" si sawa na "nililinganisha". Kwetu mtu mwenye adabu husema "tu" hata kwa kazi aliyofanya peke yake, na mtu ambaye hakufanya chochote pia husema "tu". Huwezi kujua mpaka uulize, "Wewe mwenyewe ulishika sehemu gani?" Jopo letu liliuliza. Akasema mhasibu alikuja kila mwisho wa mwezi, na yeye alimpangia risiti na stakabadhi za benki. Basi hiyo ni S: kulinganisha na benki hajafanya mwenyewe. Lau jopo lisingeuliza, ingekuwa P, si N wala S.

Mwisho aliulizwa kwa nini aliacha duka. Akasema, "Tulikosana tu na mwenye duka." Jopo likaendelea na swali lingine. Mmoja wao akaandika, "Uaminifu wake ni wa kutiliwa shaka." Kweli? Maneno yaliyosikika ni manne ama matano, na hakuna hata moja linalotaja pesa. Pengine walikosana juu ya mshahara, ama juu ya saa za kazi. Hiyo ni P.

Sentensi moja, na ushahidi wake

Sasa kila N, S na P iandikwe kwa sentensi moja au mbili, na kila sentensi iwe na sehemu mbili: tunachosema, na tulichosikia au kuona. Muhtasari wa mama yule unakuwa hivi:

Mwombaji wa 2. Karani wa hesabu.
Nguvu: Analinganisha mita na pesa bila kusaidiwa, alipata upungufu wa shilingi 350 kwa swali letu. Ni mwangalifu na watu. Alisema atasoma mita tena pamoja na shahidi kabla ya kumuuliza muuzaji. Daftari aliloandika mbele yetu lilikuwa safi, na jumla zake sahihi.
Shaka: Hajalinganisha daftari na taarifa ya benki mwenyewe, mhasibu alifanya, yeye alipanga risiti.
Pengo: Sababu ya kuacha kazi haikuelezwa kamili, alisema walikosana na mwenye duka, nasi hatukuuliza zaidi.
La kufanya: Mwenyekiti amuulize mwombaji swali hilo kabla ya Ijumaa, kisha amuulize mdhamini wake.

Angalia kwamba hakuna alama kama 7 kwa 10. Namba hiyo ingechanganya hesabu zake nzuri na upungufu wake wa benki katika chungu kimoja, na kamati isingejua saba imetoka wapi. Pia pengo limeandikiwa mtu wa kulifuatilia na siku yake, la sivyo litabaki kuning'inia na kugeuka kuwa uvumi.

Yasiyoingia

Mmoja wa jopo aliandika, "Ana mtoto mchanga, sijui kama ataweza." Mstari huo unafutwa. Hakuna mwanamume aliyeulizwa watoto wake wana umri gani. Kama kazi inataka mtu awe kibandani saa kumi na mbili asubuhi, waulizeni waombaji wote swali hilo hilo, na muandike jibu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kubagua mtu katika kuajiri kwa sababu ya jinsia, ujauzito, dini, ulemavu, asili ya kabila na mengine ya namna hiyo. Na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, mtu ana haki ya kuomba kuona habari zake mnazoweka. Kwa hivyo andika kila sentensi kana kwamba mwenyewe ataisoma. Kama ungeona haya kumsomea, huenda ushahidi wako ni mdogo.

Kuwaweka wawili sambamba

Mwombaji wa kwanza alifanyiwa vivyo hivyo, kwa mambo yale yale manne. Nguvu yake: alilinganisha taarifa ya benki peke yake kwa miaka mitatu, na alitueleza hatua kwa hatua jinsi hundi ambayo haijapita benki inavyoleta tofauti. Shaka yake: kwa swali la mita alipata ule upungufu wa shilingi 350, lakini akasema, "Ningemkata kwenye malipo yake siku hiyo hiyo." Alipoulizwa kama kuna jambo angeangalia kwanza, alisema hapana.

Sasa kamati ina kitu cha kujadili. Usihesabu nani ana mashaka mengi. Uliza juu ya kila shaka: litatokea mara ngapi katika kazi hii, na nani atakuwepo kulizuia? Taarifa ya benki inakuja mara moja kwa mwezi, na mweka hazina anaweza kukaa na mama yule miezi mitatu ya kwanza mpaka azoee. Lakini mita inasomwa kila siku, vibandani, bila mweka hazina kuwepo. Muuzaji mmoja akikatwa pesa kwa sababu ya mfereji unaovuja, wenzake wataanza kuficha mambo.

Kwa mradi huu shaka la mwombaji wa pili ni rahisi kulizuia. Katika chama cha akiba chenye hundi nyingi na kisicho na vibanda, jibu lingeweza kugeuka. Na hata hapa kamati isiamue kabla ya lile pengo kujazwa, maana jibu la mwenye duka linaweza kubadilisha kila kitu.

Zoezi la kikundi

1. Mtu wa jopo ameandika, "Hajiamini." Alikuwa ameona nini? Andikeni sentensi mpya yenye ushahidi, kisha mseme kama inagusa kazi ya karani.
2. Mwombaji anasema, "Tuliongeza mapato ya kikundi." Mngemuuliza swali gani linalofuata, na mngeweka herufi gani kama muda wa mahojiano umekwisha?
3. Chukueni muhtasari wa zamani wa kamati yenu. Mpeni mtu ambaye hakuwepo. Kila anapouliza, "Mlijuaje?", wekeni alama. Pale penye alama ndipo pa kuandika upya.