Dondoo muhimu: Picha ya tiketi si tiketi

Dabi ya Simba na Yanga ikikaribia na tiketi zikiisha, wauzaji hujaa kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anakuuzia tiketi ya 30,000, unalipa kwa simu, anakutumia picha yenye msimbo wa QR. Msimbo ni halali kabisa, ila picha hiyohiyo amewauzia wengine wanne. Mashine ya getini humruhusu wa kwanza kufika. Ninyi wengine mnaambiwa tiketi imeshatumika. Kwa hiyo kuiona picha mapema hakuthibitishi chochote. Kwenye matamasha ni vilevile.

Kama mfumo wa tiketi unaruhusu kuhamisha, mwambie aihamishie kwenye namba yako, ili msimbo wake wa zamani ufe. Lipa ukishaiona kwenye akaunti yako mwenyewe.

Kama hauruhusu, kutaneni getini. Nenda na mwenzako: wewe unaingia, yeye anabaki nje na pesa, pamoja na muuzaji. Mashine ikikubali, anamlipa. Muuzaji mkweli hana sababu ya kukataa, kwa kuwa pesa anaiona.

Anayedai “advansi ya kukushikia nafasi”, achana naye. Vivyo hivyo jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo likiwa si lake.

Umeshatuma na amekublock? Pigia mtandao wako papo hapo, kabla hajatoa pesa kwa wakala, na usifute ujumbe wa muamala; polisi watauhitaji.