Badilisha 'Mkoa wa Rumonge' kwa simu tu

Tangu 2015 Rumonge ilikuwa mkoa. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ikapunguzwa ikawa 5, na mji wetu sasa uko mkoa wa Burunga. Tarafa bado ni Rumonge. Kwa hiyo kama una barua au kanuni za ushirika zilizoandikwa zamani, anwani imepitwa na wakati. Huhitaji kompyuta. Simu ya Android na Google Docs, ambayo ni ya bure, vinatosha.

Tuseme ni kanuni za ushirika wa akina mama wanaokausha ndagala: faili la Word la kurasa sita, ulilotumiwa kwa WhatsApp. Usianze kuhariri pale pale. Lishiriki kwanza kwenda Google Drive, kisha ulifungue ukiwa ndani ya Docs. Ukiruka hatua hii utaishia na nakala mbili, na hutajua ipi ndiyo uliyorekebisha.

Bado una mtandao? Gusa nukta tatu zilizo juu, ulifanye lipatikane bila mtandao. Baada ya hapo unaweza kuzima data na kufanya kazi. Mabadiliko yatapanda yenyewe utakapoiwasha tena. Ila kabla ya kuzima data, kwenye menyu hiyo hiyo tengeneza nakala ya akiba, uiite "kanuni-zamani", na usiiguse tena.

Sasa kazi yenyewe. Gusa alama ya kalamu, rudi kwenye nukta tatu, chagua "Rechercher et remplacer" kama simu yako inaongea Kifaransa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanatafuta "Rumonge", wanaweka "Burunga", kisha wanabadilisha yote kwa mpigo. Matokeo yake ni "Tarafa ya Burunga" na "soko la Burunga", vitu ambavyo havipo.

Tafuta maneno yote matatu, hivi:

```
Tafuta:  Mkoa wa Rumonge
Weka:    Mkoa wa Burunga
```

Hata hivyo, usikimbilie kitufe cha kubadilisha yote. Tumia mishale, pita sehemu moja baada ya nyingine, usome sentensi nzima. Anwani iliyo juu, badilisha. Lakini ukikuta "Ushirika uliandikishwa katika Mkoa wa Rumonge mwaka 2018", iache. Mwaka ule mkoa ulikuwa huo, na cheti chenu kinasema hivyo hivyo. Kanuni zikitofautiana na cheti, utaulizwa maswali mezani kwa watu.

Kanuni zetu mara nyingi zimechanganya lugha, basi rudia utafutaji kwa "Province de Rumonge", halafu "Province Rumonge" bila "de", halafu "Intara ya Rumonge". Kila moja peke yake. Angalia pia kichwa cha herufi kubwa: simu italipata neno hilo, ila itaweka kama ulivyoandika wewe, kwa herufi ndogo. Hilo rekebisha kwa mkono.

Ukimaliza, tafuta "Rumonge" pekee, bila kubadilisha kitu. Pita yote yaliyobaki. Hapo utayakamata yaliyojificha, kwa mfano pale mwandishi alipobonyeza nafasi mara mbili katikati ya maneno. Washa pia mwonekano wa ukurasa wa kuchapishwa, uone sehemu ya juu na ya chini ya kila ukurasa. Na kama nembo yenye anwani ni picha, Docs haiwezi kugusa maandishi yake. Ifute, uandike anwani upya kwa herufi za kawaida.

Kidole kinakosa herufi unayoitaka? Kwenye kibodi ya Gboard, weka kidole juu ya kitufe cha nafasi, kiburute polepole kushoto au kulia. Kishale kitasogea herufi moja moja. Ongeza pia Kiswahili kwenye lugha za kibodi, la sivyo Kifaransa kitakugeuzia maneno yako bila kukuuliza. Ukikosea, mshale wa kurudi nyuma uko juu ya skrini.

Kwa mwenye mashine ya kuchapisha usipeleke Word. Kompyuta yake huenda haina aina ya herufi uliyotumia, mistari itahama, na sahihi ya rais wa ushirika itajikuta peke yake ukurasa wa saba. Nenda "Partager et exporter", tuma nakala ya PDF. Ifungue kwanza kwenye simu yako, hesabu kurasa. Zilikuwa sita, kama ni saba, kuna mstari mtupu mahali fulani, na mara nyingi uko juu kidogo ya sehemu ya sahihi.