Barua ya Hongera ya Uzazi

Rafiki yako amejifungua kifungua mimba wake, nawe wataka kumpelekea hongera. Nusu ya karatasi yatosha, kwa maana mzazi husoma mtoto akiwa amelala, na usingizi wa mtoto mchanga hautabiriki.

Kabla ya kushika kalamu, hakikisha habari. Habari za uzazi hupita midomo mingi, na pengine husikia kwamba mtoto amezaliwa bila kusikia hali ya mama. Neno “salama” katika “kujifungua salama” lahusu watu wawili. Ukiliandika hali mmoja wao ni mgonjwa, barua yako itaumiza. Muulize kwanza mtu wa nyumbani kwao.

Hebu tutazame mfano. Msichana wa Mafinga amwandikia mwenzake aliyeolewa Makambako, ambaye zamani walikaa dawati moja. Mara ya kwanza aliandika hivi: “Nakupongeza kwa kupata mtoto. Nakutakia kila la heri. Je, ni wa kike au wa kiume? Jina lake nani? Nijibu upesi.” Sentensi mbili za mwanzo zaweza kupelekwa kwa mtu ye yote, na zilizobaki zampa mzazi kazi. Tena jina huenda bado halijatolewa, maana katika nyumba nyingi wazee hushauriana kwanza. Mama mwenyewe hakuulizwa hali hata kidogo! Akaandika upya:

Mafinga, 20 Mei

Dada yangu mpenzi,

Kamwene! Pole kwa uchungu, na hongera sana kwa kujifungua salama. Mama yako aliponiambia kwamba nyote wawili hamjambo, nilicheka peke yangu njiani. Wewe uliyekuwa ukibeba mgongoni kila mtoto wa jirani, leo umepata wako! Pumzika, ule vizuri, upate nguvu. Baridi imeanza, basi nimemfumia mwanao kofia ya sufu, mama ataileta. Usijisumbue kujibu. Nitakuja kukuona shule ikifungwa. Mungu amkuze.

Ni mimi rafiki yako.

Hapa mama ametangulia, kisha mtoto akafuata. “Pole” imewekwa mbele ya “hongera” kama tusemavyo tunapoingia nyumbani kwa mzazi, kwa kuwa maumivu yalikuwa yake kabla furaha haijawa yetu sote. Habari ya kubeba watoto wa jirani haiwezi kuandikwa kwa mtu mwingine. Kwangu mimi ndiyo sentensi bora ya barua hii, kuliko hata ile ya kofia. Neno “mwanao” nalo lafaa kabla jina halijajulikana, wala halibagui mvulana na msichana.

Ukimwandikia baba, angalia kitenzi. Wako wanafunzi waandikao “hongera kwa kujifungua” kwa rafiki wa kiume, na barua ikasomwa kwa kicheko nyumba nzima. Baba hupata mtoto. Mwandikie: “Hongera kwa kupata mtoto. Mpe mama yake pole na hongera zangu.”